Cheo kwenye kadi kinadai nini

Kadi ya biashara na saini ya barua pepe humfikia mtu asiyekujua kabla hajakuona. Mistari ya simu na anwani humwambia pa kukupata. Mstari wa cheo humwambia jambo jingine: una mamlaka gani, na neno lako linaifunga ofisi kiasi gani. Kwa hiyo cheo kilichokuzwa si majigambo tu, ni dai ambalo mtu wa upande wa pili anaweza kuliamini na kulilipia.

Arusha ndiyo mahali pa kuliona hili vizuri, maana ofisi ndogo za safari ni nyingi, na wateja wao wako ng'ambo, hawana kingine cha kupimia ila barua pepe. Tuseme kuna ofisi ya watu wanne karibu na Mnara wa Saa. Mwenye ofisi alisajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, lakini kadi yake inasema "Mkurugenzi Mtendaji". Binti anayepokea maombi ya safari na kupanga hoteli anajiita "Meneja Mkuu wa Biashara" kwenye saini yake. Alipewa cheo hicho mwaka ambao hakukuwa na nyongeza ya mshahara. Wengi tunaijua hiyo zawadi.

Tuanze na bosi. Mkurugenzi ni mtu wa kampuni, yaani chombo kilichoandikishwa chini ya Sheria ya Makampuni ya 2002, chenye nafsi yake kisheria, na majina ya wakurugenzi wake yako kwenye kumbukumbu za BRELA. Jina la biashara halina wakurugenzi. Lina mmiliki, au wabia wakiwa zaidi ya mmoja, na deni la biashara ni deni la mmiliki mwenyewe. Wakala wa ng'ambo anayefanya uchunguzi kabla ya kutuma fedha akiomba azimio la wakurugenzi, hakuna wa kuliandika. Hapo bosi anaonekana tapeli wakati hakuiba chochote. Kadi yake isomeke "Mmiliki", au "Mwanzilishi na Mmiliki" kama anapenda ukubwa kidogo. Siku akiandikisha kampuni na jina lake likaingia kama mkurugenzi, achapishe nyingine.

Suala la binti lina gharama zaidi. Wakala anamwandikia kuhusu wageni sita, dola 2,000 kila mmoja, anaomba apunguziwe asilimia 15. Binti anajibu, "Sawa, nimekubali," na chini yake saini inasema Meneja Mkuu. Dola 1,800 zimeondoka. Bosi akipiga kelele kwamba huyu hana ruhusa ya kushusha bei, wakala atauliza: mbona mmemwacha ajitambulishe hivyo? Na ana hoja. Sheria ya Mikataba ya Tanzania inaweza kumbana mwenye biashara ambaye kwa maneno au mwenendo wake amewafanya watu waamini kwamba mtu wake ana mamlaka. Katazo la ndani ambalo mteja hakulijua halimsaidii sana bosi.

Ukitaka kujua cheo kimezidi, usiulize mtu ana umuhimu gani ofisini, utaumiza watu bure. Uliza anaweza kukubali nini bila kumwomba mtu mwingine, na ana nani chini yake. Kisha fungua maelezo ya ajira ambayo sheria ya kazi ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi. Kazi yake imeelezwa humo. Huyu wetu hashushi bei na hasimamii mtu, kwa hiyo ni "Afisa Bukingi". Kama bosi anaona amestahili zaidi, ampe mamlaka ya kweli, tuseme punguzo hadi asilimia 5, ndipo cheo kipande.

Kuna vyeo ambavyo hata bosi hana uwezo wa kuvigawa. "Mhandisi" mbele ya jina kunahitaji usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na herufi CPA za mhasibu hutolewa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu. Fundi hodari wa magari ya safari aandikwe "Fundi Mkuu", na hicho si cheo kidogo.

Kwenye kurekebisha, watu husahau simu. Saini iliyowekwa kwenye programu ya simu mara nyingi ni tofauti na ile ya kompyuta, hivyo barua za usiku huendelea kutoka na cheo cha zamani. Jitumie barua moja kutoka kila kifaa uone. Kadi za zamani zitolewe mezani zote, zisikatwe kwa kalamu. Na kwa wateja ambao mazungumzo ya bei hayajafungwa, mstari mmoja unatosha: "Saini yangu ya awali ilisema Meneja Mkuu, nafasi yangu ni Afisa Bukingi, na maombi ya punguzo yanaidhinishwa na mmiliki, ambaye nimemnakili hapa."