Mdhibiti anapotekwa na anaowadhibiti

Nauli ikipanda, neno la kwanza utakalolisikia stendi ya Moshi ni "wamehongwa". Inawezekana. Lakini kuna jambo linalotisha kuliko rushwa, nalo wachumi huliita kutekwa kwa mdhibiti: mamlaka iliyoundwa kumlinda mwananchi inaishia kuwalinda wenye biashara, pasipo bahasha yoyote kupita, na maofisa wake wakiamini kabisa kwamba wametenda haki.

Mfano unaofundisha zaidi unatoka Marekani. Mwaka 1887 iliundwa Tume ya Biashara baina ya Majimbo, baada ya wakulima na wafanyabiashara kulalamikia sana nauli za reli. Miaka mitano baadaye, mkuu wa kampuni moja ya reli alitamani Tume ifutwe. Wakili Richard Olney, ambaye mwaka 1893 alikuja kuwa Mwanasheria Mkuu wa nchi hiyo, alimwandikia asithubutu: Tume inatuliza kelele za watu huku usimamizi wenyewe ukiwa wa jina tu, na kadiri itakavyozeeka ndivyo itakavyoegemea upande wa reli.

Mwaka 1935 Tume ikakabidhiwa usimamizi wa malori pia. Aliyetaka kuanza kusafirisha mizigo alipaswa kuthibitisha kwamba umma unamhitaji, na waliokwisha kuwamo, reli zikiwemo, waliruhusiwa kuja kumpinga. Mazao ya shambani yalisamehewa masharti hayo. Kisha, katika miaka ya 1950, mahakama ziliamua kwamba hata kuku waliochinjwa wahesabiwe kuwa mazao ya shambani. Gharama ya kuwasafirisha ikashuka kwa takriban theluthi moja. Theluthi ile ndiyo wateja walikuwa wakilipa ili wenye leseni wasisumbuliwe na wapya.

Mchumi George Stigler alilijengea jambo hili nadharia mwaka 1971: udhibiti, kwa kawaida, hutafutwa na sekta yenyewe, na kinachotakiwa zaidi ni mlango wa kuwafungia wengine nje. Kwa nini umma, wenye watu wengi, unashindwa? Tufanye hesabu ya kubuni ya njia ya Moshi kwenda Arusha. Nauli inapendekezwa kupanda shilingi 500. Mwenye kosta kumi, kila moja ikienda safari nne kwa siku na abiria 28, ataongeza shilingi 560,000 kila siku. Mama anayepeleka ndizi soko la Kilombero mara mbili kwa wiki ataongeza shilingi 2,000 kwa wiki, kwenda na kurudi. Siku ya kutoa maoni, mwenye magari atakuja na wakili, na mhasibu mwenye jedwali la bei ya dizeli, matairi na spea. Mama akija atapoteza mauzo ya siku nzima. Anabaki sokoni, na kwa hesabu yake yuko sahihi kabisa. Hapo ndipo ukumbi unapojaa upande mmoja.

Hilo jedwali nalo lina nguvu yake. Mdhibiti hana magari. Gharama halisi za kuendesha kosta anazijua kupitia walewale anaowasimamia. Tena hukutana nao kila mwezi, huzungumza lugha yao, na wengine huja kuajiriwa nao baada ya kuacha ofisi. Taratibu, swali la kwanza kichwani mwake linakuwa "kampuni zitamudu?" badala ya "abiria atalipaje?" Hakuna siku moja unayoweza kusema hapa ndipo alipobadilika.

Lakini tusimwite kila mdhibiti mateka kwa sababu nauli imepanda. Dizeli ikipanda kweli, nauli ya zamani italipwa kwa breki chakavu. Mimi huangalia kwanza ombi la mgeni: anayetaka kuingia njiani anakataliwa kwa sababu za usalama zinazopimika, au kwa hoja kwamba waliopo wanatosha? Kisha huuliza kama kuna mtu anayelipwa kusoma lile jedwali kwa niaba ya abiria. Sheria ya mwaka 2019 ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini Tanzania, iliweka baraza la watumiaji kwa kazi ya namna hiyo, na wazo hilo ni zuri, kwa kuwa linaziba pengo la yule mama wa ndizi. Ila baraza lisipokuwa na wahasibu na fedha za kutosha, litabaki kuzisoma namba za wenye magari.

Nadharia nayo ina pale inapokwama. Mwaka 1980 Bunge la Marekani lililegeza sana leseni za malori, ingawa wenye malori na chama cha madereva wao walipinga kwa nguvu zote. Kama sekta ndiyo yenye usukani siku zote, isingeshindwa vile. Tume yenyewe ilifutwa mwishoni mwa 1995.