Kabla ya Kununua Mota ya Bei Rahisi, Hesabu Umeme Itakaokula

Malalamiko mengi tunayopokea kuhusu bili za umeme baada ya mtu kubadilisha mota huja na hoja ileile: mota mpya ni ya kilowati 15 kama ile ya zamani, kwa hiyo haiwezekani ikala umeme zaidi. Tumeisahihisha dhana hii mara nyingi na bado inarudi. Kilowati zilizoandikwa kwenye kibati cha mota ni nguvu inayotoka kwenye shafti, si umeme unaoingia kupitia mita. Umeme unaoingia daima ni mwingi zaidi, na ile ziada hugeuka joto ambalo mteja analilipia bila kupata kazi yoyote.

Tuchukue feni ya mkanda inayoendeshwa na mota ya kilowati 15, ya ncha nne, kwenye umeme wa hezi 50. Feni inahitaji kilowati 12 kwenye shafti, nayo hufanya kazi usiku na mchana kwa siku 250, yaani saa 6,000 kwa mwaka. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa IEC 60034-30-1, mota ya ukubwa huo ya daraja IE1 inatakiwa kuwa na ufanisi usiopungua asilimia 88.7, na ya daraja IE3 asilimia 92.1. Ukigawa 12 kwa 0.887 unapata kilowati 13.53 zinazoingia; ukigawa kwa 0.921 unapata 13.03. Nusu kilowati huonekana ndogo, lakini kwa saa 6,000 ni uniti 3,000 kila mwaka.

Sasa chukua tofauti ya bei ya mota hizo mbili, uigawe kwa bei unayolipia uniti moja. Jibu likiwa chini ya 3,000, nyongeza uliyolipa imerudi kabla ya mwaka kwisha, na miaka yote inayofuata ni akiba. Katika miaka 15 mota ya IE1 itakuwa imekula zaidi ya uniti 1,200,000. Anayelinganisha bei za dukani peke yake analinganisha sehemu ndogo kabisa ya gharama.

Si kila kibati kinasema kweli, na hapa tunaomba umakini. Unapoomba bei, andika daraja la IE na asilimia ya ufanisi unayoitaka. Unapopokea mota, piga picha ya kibati kabla haijafungwa, kisha fanya hesabu hii, ambamo V ni volti, A ni ampia, na cos φ ni kipengele cha nguvu kilichoandikwa kwenye kibati:

```
ufanisi = (kW × 1000) ÷ (1.732 × V × A × cos φ)
```

Tuseme kibati kinaonyesha IE3, kilowati 15, volti 400, ampia 29.4 na cos φ ya 0.83. Umeme unaoingia ni takriban wati 16,900, na ufanisi unakuwa asilimia 88.7. Hiyo ni IE1, hata kama herufi zinasema vingine. Namba za kibati hukadiriwa, kwa hiyo tofauti ndogo si ushahidi wa udanganyifu. Tofauti ya pointi tatu na zaidi ni sababu tosha ya kudai ripoti ya kipimo kabla ya kulipa. Tunasisitiza pia kwamba ampia peke yake haitoshi kuonyesha matumizi, kwa sababu mota mbili zenye ampia sawa zinaweza kutofautiana katika cos φ.

Kuna jambo moja ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Mota ya ufanisi wa juu huwa na mtelezo mdogo, yaani hubaki nyuma kidogo tu ya kasi inayowekwa na hezi za umeme, hivyo huzunguka kwa kasi kidogo zaidi. Ikiwa ya zamani ilizunguka mara 1,455 kwa dakika na mpya inazunguka 1,470, ongezeko ni asilimia 1 tu, lakini nguvu inayohitajiwa na feni hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi, yaani kasi × kasi × kasi. Mzigo unapanda kwa takriban asilimia 3, kutoka kilowati 12 hadi karibu 12.4, na ile nusu kilowati inashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya kilowati. Mteja huyu akilalamika kwamba hajaona akiba, anasema kweli, ila kosa si la mota. Kwa feni ya mkanda, badilisha puli ili feni irudi kwenye kasi yake ya awali, na akiba itarudi. Pima kasi ya feni yenyewe kabla ya kufungua mota ya zamani, kwa sababu baada ya hapo huna cha kulinganishia.

Hatushauri kila mtu anunue IE3. Feni hiyohiyo ikifanya kazi saa 500 tu kwa mwaka, akiba ni uniti 250, na huenda nyongeza ya bei ikachukua miaka mingi kurudi. Kwa hiyo kwanza tafuta saa halisi za kazi, kwenye daftari la zamu au kwa kufunga kihesabu saa, ndipo uombe bei.