Tangazo la zawadi si kuandika "zawadi nzuri" mwishoni

Naona siku hizi kila anayeuza kitu hapa Mwanza anabandika "inafaa kwa zawadi" chini ya picha halafu anasema katengeneza tangazo la zawadi. Hapana jamani. Tangazo la zawadi ni lile lililoandikwa kwa kujua kwamba anayelipa na anayepokea ni watu wawili tofauti, basi.

Maneno ya shughuli ndo watu wanayakimbilia: Valentaini, Idi, Krismasi, mahafali, kipaimara, yote kwenye bidhaa moja. Chukua trei ya mbao iliyochongwa picha ya Jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza. Hiyo mnunuzi wake ni shangazi anayetafuta zawadi ya kichen pati, kwahiyo mstari wa kwanza uwe "Trei ya mbao, zawadi ya kichen pati au sendofu, tunachonga jina". Hapo hapo sema oda ifike siku ngapi kabla, maana zawadi ya sendofu ikifika Jumatatu haina kazi tena.

Kufunga nako usiseme tu "tunafunga". Sema ni boksi la kaki na utepe, bei yake ni ngapi juu ya bei ya trei, na weka picha ya mzigo ukiwa umefungwa. Na risiti isiingie ndani ya boksi, mtumie aliyelipa kwa simu.

Sasa kinachonikera mimi ni hiki kisanduku cha ujumbe. Wengi kwenye fomu ya oda wanaweka kimoja tu, "Andika ujumbe wako hapa", wakati kuna vitu viwili: maneno ya kuchonga kwenye trei yenyewe, na maneno ya kwenye kadi. Shangazi anaandika "Neema hongera mwanangu Mungu akutangulie kwenye ndoa yako, ni mimi shangazi yako wa Kirumba", fundi naye anadhani ni ya kuchonga, anabana herufi mpaka hazisomeki, zinapanda juu ya picha ya jiwe, na mbao ikishachongwa haifutiki. Au inakuwa kinyume chake, "Neema na Juma 2025" inaenda kwenye kadi na trei inafika tupu. Ukiona wateja wanakupigia kuuliza "hapa naandika nini?" ujue kisanduku chako kimechanganya.

Tenganisha. Kimoja: "Jina la kuchonga, lisizidi herufi 20, tunachonga kama ulivyoandika". Cha pili: "Ujumbe wa kadi, malizia na jina lako", kwasababu kadi isiyo na jina la mtumaji inamwacha bibi harusi anauliza ukoo mzima. Halafu namba ya mpokeaji iwe na sehemu yake, la sivyo bodaboda atampigia aliyelipa.

Kama bado una kisanduku kimoja si mbaya, ila kiite kwa jina lake, "maneno ya kuchonga", na ya kadi uyaulize wotsapu kabla fundi hajawasha mashine.