Visiwa vinne vya Kilwa kwa siku tano, na kwa nini Fanjove ninaiweka mwisho

Kazi yangu ni kupanga safari za visiwa vya Kilwa, na wageni wengi wanaonipigia simu huwa wameshajipangia ratiba. Karibu zote zinafanana: siku ya kwanza Fanjove, kwa sababu wameona picha ya mchanga mweupe na hawawezi kusubiri, kisha Songosongo, kisha Songo Mnara, na Kilwa Kisiwani mwishoni kwa kuwa ni karibu. Ratiba hiyo inawezekana kabisa, lakini kila kisiwa kinachofuata kinapokelewa kwa baridi kuliko kilichotangulia, na kufika siku ya nne watoto wanauliza wanarudi lini nyumbani.

Visiwa vinne vinaweza kupangwa kwa namna 24. Ukishaamua kipi kiwe cha mwisho zinabaki 6, na ukiamua pia cha kwanza zinabaki 2 tu. Ndiyo maana sianzi na kalenda, naanza na ncha mbili.

Cha mwisho kwanza. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walitumbukiza mkono katika maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine walifanya vilevile, kisha wakaongezewa sekunde 30 huku maji yakipashwa polepole hadi nyuzi 15. Walipoulizwa lipi wangependa kulirudia, wengi walichagua lile refu, ingawa liliwatesa kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu liliishia pazuri kidogo. Kumbukumbu haipimi jumla ya saa; inashika kilele na namna jambo lilivyoisha. Kwa hiyo namuuliza mgeni swali moja: safari ikikatika katikati, kisiwa gani kitakuuma zaidi kukikosa? Hicho ndicho cha mwisho. Mwalimu wa historia huweza kujibu Songo Mnara, naye nampangia kinyume na hivi nitakavyoeleza. Familia nyingi hujibu Fanjove.

Sababu ya pili ya kuweka kizuri mwisho ni ushindani, na hapa ndipo ratiba nyingi zinapoharibika bila mtu kujua. Kisiwa kinashindana na kisiwa cha aina yake tu. Anayetoka kuogelea Fanjove akipelekwa ufuko mwingine ataulinganisha na kuuona mdogo, lakini akipelekwa kwenye magofu halinganishi chochote. Kwa hiyo vya aina moja navipanga kizuri zaidi kikija baadaye, na vya aina tofauti navichanganya. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara vyote ni magofu, vimo pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Kisiwani kinatangulia, kwa sababu ndicho kinachotoa hadithi: Msikiti Mkuu wenye kuba zake, ngome iitwayo Gereza, iliyoanzishwa na Wareno waliofika 1505, na Husuni Kubwa, kasri la enzi za sultani aliyetawala msafiri Ibn Battuta alipopita mwaka 1331. Ukishayaona hayo, Songo Mnara unauelewa haraka. Pale ni nyumba za watu, zenye vyumba, milango na viti vya mawe, na kimya kikubwa. Ukigeuza mpangilio, Songo Mnara inakuwa kuta tu.

Kisiwani kinafaa siku ya kwanza kwa sababu nyingine pia. Siku inayoitwa "imepotea" mara nyingi ni siku ya barabara. Basi likitoka Dar alfajiri, kufika Kilwa Masoko, mji wa bara tunakopandia chombo, ni mchana, na wengi huishia kulala hotelini. Kisiwani ni kama kilomita mbili tu kutoka Masoko. Ukivuka saa tisa una saa tatu kabla ya jua kuzama, zinatosha Gereza, Msikiti Mkuu na kasri la Makutani kwa mwendo wa utulivu. Husuni Kubwa iko mbali kidogo upande wa mashariki wa kisiwa, hiyo unaiomba kwa nahodha njiani kama mwanga upo. Kibali cha kuingia magofuni kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka, tena saa za kazi, kwa hiyo hakikisha umekipanga kabla hujatoka Dar. Kwa kibali kisichoandaliwa nimeona siku nzuri ikiishia kwenye benchi.

Sasa maji, maana ndiyo yanayopanga saa. Pwani yetu siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa alfajiri na jioni, na hukauka kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Juma moja baadaye ni maji mafu, na maji yanajaa karibu na saa nne asubuhi. Songo Mnara inajali sana hili. Upande wa kushukia kuna mikoko na tope, na maji yakipwa unatembea majini na topeni mwendo mrefu ukiwa umebeba viatu mkononi. Mgeni aliyeteleza pale akiwa na kamera shingoni hatazami tena magofu.

Nichukue mfano wa safari inayoanza siku ya 9 ya mwezi wa angani. Siku hiyo mnaingia Masoko na kuvuka Kisiwani jioni, kama nilivyosema. Maji yanapwa, lakini ni maji mafu, tofauti ni ndogo na chombo kinafika bila taabu.

Siku ya 10 maji yanajaa saa sita kasoro. Mnaondoka Masoko saa mbili, mnaelekea kusini kupitia kisiwa cha Sanje ya Kati, mnashuka Songo Mnara maji yakiwa yanapanda. Mnatembea magofuni, mnakula mlichobeba, na mnarudi saa nane kabla maji hayajatoka mikokoni. Muulize nahodha saa ya kurudi kabla hujashuka. Akisema "tutaona," mwambie aseme saa.

Siku ya 11 ndiyo watu wanayobishana nami, kwa sababu siiwekei kisiwa. Ni siku ya akiba, na inakaa kabla ya kisiwa cha mwisho, si baada yake. Bahari ikichafuka siku ya 10, Songo Mnara inahamia hapa na Fanjove haiguswi. Ikiwa shwari, mnakwenda Kilwa Kivinje kwa gari. Hiyo ni bara, haihitaji bahari, na ina mengi ya kutazama: boma la Wajerumani, nyumba za zamani zenye milango ya kuchonga, samaki wakiuzwa pwani. Akiba isiyo na kazi yake yenyewe ndiyo inayogeuka siku ya kupotea. Tena Kivinje iko kaskazini mwa Masoko, kwa hiyo mnalala mkiwa mmeshasogea kuelekea mnakokwenda.

Siku ya 12 maji yanakauka saa moja asubuhi, na pale Kivinje yakikauka yanaenda mbali sana. Hakuna haja ya kuamshana alfajiri. Mnaondoka saa nne au saa tano maji yakiwa yanajaa, kwenda Songosongo. Nakiheshimu kisiwa hiki na sikubali kukiita kituo cha kupita. Kina kijiji cha wavuvi, na gesi yake imekuwa ikienda Dar kwa bomba tangu 2004 kuzalisha umeme, ambao watoto wanaowasha taa nyumbani kila siku hawajui unatoka wapi. Lakini hakihitaji siku nzima. Saa mbili za kutembea, chakula cha samaki, kisha Fanjove kabla ya jioni. Hapo nahitaji msomaji anielewe: Fanjove haina nyumba za wageni za kubahatisha, nafasi zake ni chache na huwekwa mapema. Usipopata nafasi, badilisha tarehe za safari nzima, usibadilishe mpangilio.

Usiku wa Fanjove chukua tochi uwatafute kaa wa nazi, wakubwa na wa polepole, wanaotoka gizani. Tazama mnara wa taa wa enzi za Wajerumani. Lipia kila kitu usiku huohuo na ufunge mizigo. Namsisitiza kila mgeni hili, kwa sababu mwisho wa safari si jina la kisiwa, ni saa zenyewe za mwisho. Ukizitumia kuhesabu bili na kutafuta soksi, ndicho utakachokumbuka.

Siku ya 13 maji yanakauka saa mbili asubuhi. Unatembea juu ya mwamba wa matumbawe uliobaki wazi, ukivaa viatu vya mpira kwa sababu ya miiba ya baharini. Kuanzia saa nne maji yanaingia, safi, na unaogelea yanapopanda. Saa sita chombo kinaelekea Somanga, kijiji cha pwani ya bara kaskazini mwa Kivinje, kinafika maji yakikaribia kujaa saa nane, gari linawasubiri, na usiku mko Dar. Mngetoka Masoko, mngeongeza mwendo mrefu wa barabara kwenye siku ileile.

Mpangilio huu wa kusini kwenda kaskazini unapendeza wakati wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, kwa sababu upepo unawasukuma kwa nyuma. Ila Juni hadi Agosti kusi huwa kali, na Fanjove iko nje zaidi, haina kinga kama maji ya ndani ya Songo Mnara. Ukitazama nje saa tatu asubuhi ukaona povu jeupe juu ya mawimbi, mchana hali itakuwa mbaya zaidi. Tazama pia taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa: ikitoa angalizo la upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 kwa siku zako mbili za mwisho, geuza ratiba mapema. Fanjove iende mwanzo bahari ikiwa tulivu, na Songo Mnara ifunge safari. Nyumba ya wageni iulize mapema kama inaweza kubadilisha tarehe, si asubuhi ya siku yenyewe.

Wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, kwenda kaskazini ni kupambana na upepo. Mpangilio haubadiliki, saa ndiyo inayobadilika: toka Kivinje mapema kadiri maji yanavyoruhusu, kabla upepo haujaamka, na chagua boti yenye injini mbili badala ya mashua ya tanga. Siku ambayo maji ya Kivinje hayajai mchana, pandia Somanga.