Kutafuta kazi Hoima: yanayosemwa kwenye basi na yaliyopo mjini

Hoima iko kama kilomita 200 kutoka Kampala, kaskazini-magharibi. Tangu mafuta ya kibiashara yathibitishwe mwaka 2006, basi linalopita Kiboga halikosi mtu aliyepakata bahasha ya vyeti. Wasemaji wa Kiswahili ni wengi miongoni mwao: vijana wa Arua na Bombo, Wakongo wanaotoka kambi ya Kyangwali, Wakenya wachache wanaobahatisha. Njiani hupeana habari, na nyingi kati ya hizo humpotezea mtu mwezi mzima na nauli yake.

Dhana: Hoima ni mafuta, basi nenda kwenye mafuta

Visima haviko mjini. Mradi wa Tilenga, unaosimamiwa na kampuni ya TotalEnergies, uko Buliisa na Nwoya. Mradi wa Kingfisher wa kampuni ya CNOOC uko Buhuka, ufukoni mwa Ziwa Albert, wilaya ya Kikuube. Kilichopo Hoima yenyewe ni Kabaale, mwanzo wa bomba la mafuta la EACOP lenye kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, pamoja na uwanja mpya wa ndege. Anayeshuka stendi na kuuliza "ofisi ya mafuta iko wapi" ataonyeshwa njia, lakini njia hiyo haimfikishi kwa mwajiri.

Kampuni zenye majina makubwa haziajiri mchimba mtaro wala mpishi. Hutoa mkataba kwa mkandarasi mkuu, naye hugawa kazi kwa wakandarasi wadogo, nao huchukua watu kupitia kampuni za kusambaza wafanyakazi. Kanuni za mwaka 2016 za ushiriki wa wazawa katika petroli zimetenga huduma kadhaa kwa kampuni za Uganda: usafirishaji, ulinzi, chakula na malazi, mafuta ya magari, upimaji ardhi, ukodishaji wa kreni, na hata usimamizi wa wafanyakazi wenyewe. Kwa hiyo mtu "anayefanya kazi Total" mara nyingi ana mkataba na kampuni ya upishi au ya malori ambayo hujawahi kuisikia. Ukikutana naye usimwulize anafanya kazi mradi gani. Mwulize jina lililo juu ya karatasi yake ya mshahara, kwa sababu jina hilo ndilo la mwajiri unayemtafuta.

Kuna pia suala la wakati, nalo husahaulika kuliko yote. Mradi wa namna hii huanza na wakata miti na madereva wa matingatinga, halafu huja waashi na wafunga nondo, halafu wachomeleaji na mafundi bomba, na mwisho mafundi umeme na wa vifaa vya kupimia. Kila hatua inapokwisha, watu wake hurudishwa mjini. Ujenzi ukikamilika, uendeshaji huhitaji watu wachache sana kuliko ujenzi. Dalili za hatua iliyopo zinaonekana hata barabarani. Malori yakiwa ya mchanga na kokoto, ujenzi wa misingi bado unaendelea. Ukiona matrela ya kreni yanaelekea Kampala na vyumba vya kupanga vimejaa vibao vya "nafasi ipo", ujue umefika wakati wenzako wanaondoka.

Dhana: kibarua kisichohitaji ujuzi ndicho rahisi kwa mgeni

Ni kinyume kabisa. Kazi za kubeba, kufyeka na kushika bendera barabarani hupewa kwanza watu wa vijiji vinavyozunguka mradi. Ndio waliochukuliwa ardhi, ndio wanaovumilia vumbi, na mradi ukiwaruka kuna ugomvi. Matangazo ya kazi hizo hubandikwa kwenye ubao wa kata au kwa mwenyekiti wa kijiji, yaani wa LC1, na majina hupita mikononi mwa viongozi wa kijiji na maofisa uhusiano wa jamii wa mkandarasi. Barua ya LC1 ya Arua, hata iwe na mihuri mitatu, haiwezi kumweka mtu mbele ya kijana wa Buhuka. Wako wanaojaribu kununua barua ya kijiji cha huko. Mwenyekiti anaweza kuiandika, lakini wanakijiji wanajuana, na jina geni kwenye orodha ya watu thelathini halijifichi.

Mgeni anapata nafasi pale ambapo kijiji hakina mtu wa kutosha, yaani kwenye ujuzi wenye karatasi. Dereva mwenye leseni ya malori mazito ya daraja la CH, fundi kreni, mfunga majukwaa ya ujenzi, mchomeleaji: hawa hutafutwa mbali.

Tumchukue mchomeleaji wa Arua mwenye cheti cha ufundi cha DIT na miaka kadhaa ya kutengeneza milango na mageti. Akienda moja kwa moja kwenye jaribio la mabomba atakuta kipande cha bomba kimefungwa kwa mlalo wa digrii 45, kisichogeuzwa. Atatakiwa kukizunguka chote kwa elektrodi, chini, ubavuni na juu. Wenyewe huliita 6G. Mkaguzi hutazama kwanza ndani ya bomba, kwenye mshono wa mwanzo. Ukiwa na tundu au haukupenya, jaribio limekwisha hapo, hata kama nje unang'aa. Mtu wa mageti huanguka kwenye mshono huo, kwa sababu geti halimdai mtu apenye mpaka ndani. Hakuna aibu hapo, ila ni vizuri ajue kabla ya kutumia pesa zake kufika.

Njia inayomfaa ni ndefu kidogo. Akifika Hoima akodi chumba kimoja, ajitambulishe kwa LC1 wa mtaa akiwa na kitambulisho cha taifa, apate barua ya mkazi wa hapo. Kisha atafute karakana ya vyuma mjini, si getini Kabaale. Hoima imekuwa ikijengwa: hoteli, maduka, nyumba za kupanga, na uwanja wa mpira kwa ajili ya Kombe la Afrika la 2027, ambalo Uganda inaandaa pamoja na Kenya na Tanzania. Karakana ina kazi ya mageti ya kumlisha. Lakini faida yake kubwa ni wateja. Mkandarasi mdogo ambaye tela lake limepasuka hulileta mjini, na anayekuja nalo ni fomeni au msimamizi wa magari. Huyo hasomi wasifu wa mtu, anatazama mshono. Akirudi mara ya pili na kumwulizia yule kijana kwa jina, tayari kuna mlango. Jioni kijana ajifunze bomba kwenye vipande chakavu, na akiwa na akiba alipie mafunzo na jaribio kamili.

Wakati huohuo ajiandikishe kwenye Daftari la Taifa la Vipaji vya Mafuta na Gesi, linaloendeshwa na Mamlaka ya Petroli na kupatikana kupitia pau.go.ug. Kosa la kawaida ni kuandika "kazi yoyote". Anayetafuta watu humo huchuja kwa fani, kwa hiyo andika fani kama wenye kazi wanavyoiita, ambatisha vyeti, na usiache namba ya simu iliyokufa. Daftari si ahadi ya ajira. Ni mahali pa kuonekana tu, na asiyekuwemo haonekani.

Dhana: bila mkubwa unayemjua, au bila kutoa kitu, hupati

Kujuana kunahitajika, hilo sikatai. Ila anayejua kwamba Jumatatu watahitajika madereva wawili si mheshimiwa wa Kampala. Ni mpishi wa kambi, mlinzi wa zamu ya usiku, mwenye nyumba aliyewapangisha wafanyakazi watano, bodaboda wa steji iliyo karibu na karakana, mzee wa kanisa au wa msikiti. Hoima iko Bunyoro, na huko watu husalimiana kwa empaako, majina ya heshima kama Amooti, Atwoki na Akiiki. Mgeni akikaa vizuri na majirani hupewa lake. Likubali, na ujifunze salamu za Kinyoro hata kama zinakugonga ulimi. Mtu anayeitwa Akiiki huambiwa mambo ambayo "yule Mkongo" haambiwi.

Kuhusu kutoa kitu: pesa inapoombwa kabla ya kazi, karibu kila mara hakuna kazi. Mtego wa Hoima una sura yake. Ujumbe unakuja kwenye WhatsApp ukiwa na nembo ya kampuni kubwa, orodha ndefu ya nafasi kuanzia mfagiaji hadi mhandisi, na mishahara minono. Siku ya pili unaambiwa umechaguliwa bila kuhojiwa. Siku ya tatu unatakiwa utume kwa simu pesa za kipimo cha afya, buti na kofia ngumu. Mwajiri wa kweli katika sekta hii hukupima afya na kukuvisha kwa gharama yake. Tangazo lake hutaja fani moja au mbili, mwisho wa kutuma maombi, na anwani ya barua pepe ya kampuni, si ya bure kama ya kwako na yangu. Ukiwa na shaka, lipeleke kwa ofisa uhusiano wa jamii wa mradi na umwulize kama analijua.

Dhana: nje ya mafuta hakuna kitu

Mashamba ya miwa ya Kikuube na Masindi huchukua wakataji, na chai ya Bugambe huchukua wachumaji. Kazi ni ngumu na malipo hufuata kiasi ulichokata au kuchuma, ila haihitaji kujuana sana. Kazi za serikali, pamoja na hospitali ya rufaa ya Hoima, hutangazwa na tume za utumishi kwenye mbao za matangazo na kwenye magazeti kama New Vision. Nafasi za wilaya huombwa kwa fomu ya PSF 3, na fomu isiyojazwa sawasawa huwekwa kando bila kuulizwa. Kwa kazi ndogondogo za mjini sikiliza Spice FM na Liberty FM.

Na Kiswahili chenyewe kina soko. Kyangwali imejaa wakimbizi wa Kongo, na mashirika yanayowahudumia hutafuta wakalimani, wahamasishaji wa afya na walimu wasaidizi. Anayeunganisha Kiswahili na Kialur au Kilendu ana thamani kuliko mwenye Kiswahili peke yake. Matangazo hubandikwa kambini, na yale makubwa huwa kwenye tovuti ya ReliefWeb. Mkimbizi aliyetambuliwa ana haki ya kufanya kazi kwa sheria ya wakimbizi ya 2006. Mkenya au Mtanzania, hata akiwa mwanajumuiya, ashughulikie kibali kwanza.

Dhana: kibarua hana haki

Kanuni za ajira za 2011 zinasema mtu asishikiliwe kama kibarua kwa zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi. Baadhi ya wakandarasi humwachisha mtu wiki ya mwisho ya mwezi wa nne na kumwita tena baadaye. Kwa hiyo tunza daftari la siku ulizofanya kazi, jina la fomeni, na ujumbe wa kila malipo kwenye simu. Ukikatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, mwajiri anatakiwa kuongeza 10 yake. Angalia akaunti yako ya NSSF mwenyewe ukiwa bado kazini, kwa maana mkandarasi akishafunga kambi na kuondoa malori, kumpata huwa kazi nyingine.