Kupunguzwa kazi si kosa la kufichwa kwenye mahojiano

Ninapowaandaa watu kwa mahojiano ya kazi hapa Nairobi, nasikia kauli ileile kila mara: "Nitasema niliacha kazi mwenyewe, maana wakijua nilipunguzwa wataona sifai." Dhana hii hunisikitisha kuliko zote, kwa sababu humfanya mtu asiye na kosa aingie chumbani na uongo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaeleza kupunguzwa kuwa ni kupoteza ajira bila hiari na bila kosa la mfanyakazi. Isitoshe, uongo wenyewe hauendi mbali: cheti cha utumishi, ambacho kifungu cha 51 kinamtaka mwajiri akitoe, huonyesha tarehe ya kuanza na ya kumaliza kazi, na simu moja kwa msimamizi wako wa zamani hufichua yaliyobaki.

Tuseme karani wa stoo ambaye kampuni yake imefunga ghala katika Eneo la Viwanda anaulizwa kwa nini aliondoka. Wengi huanza kusimulia madeni, wakurugenzi waliogombana na mishahara iliyochelewa, hata jopo linasahau kwamba lilitaka kumjua yeye. Mimi humtaka aseme hivi: "Kampuni ilifunga ghala la Nairobi mwezi Machi na sote tukapunguzwa. Nilibaki hadi siku ya mwisho nikihesabu bidhaa na kuzikabidhi. Sasa natafuta stoo kama yenu, yenye bidhaa zinazoharibika upesi, kwa kuwa hizo ndizo nilizozisimamia kila siku." Sababu imetajwa, uaminifu umeonekana, na mazungumzo yamehamia kwenye kazi inayotafutiwa mtu. Baada ya hapo anyamaze.

Ugumu huja pale ambapo wengine walibakizwa, na jopo likauliza, "Mbona wewe?" Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wa kila mfanyakazi anapochagua wa kupunguzwa, kwa hiyo usidai kwamba waliotangulia kuajiriwa ndio waliobakizwa ikiwa si kweli. Soma barua yako ya kupunguzwa, kisha ueleze sababu iliyoandikwa humo kwa sentensi moja: zamu ya usiku ilifutwa, au kazi zako ziliunganishwa na za idara nyingine. Kama barua haikutaja sababu, sema tu nafasi zipi ziliondolewa.

Wapo pia wanaoamini kwamba kampuni ikifungwa, wadhamini nao wamekwisha. Si kweli. Aliyekuwa msimamizi wako bado anaweza kukuzungumzia popote alipo. Mwombe ruhusa kwanza, kisha uandike nambari yake ya sasa kwenye wasifu wako, kwani simu ya ofisi iliyofungwa haitapokelewa na mtu.