Montaji chini ya jina la ajensi: tunayoyaamini na yaliyo kweli

"Kwenye barua pepe ya kwanza, taja wateja wakubwa uliowafanyia kazi." Dhana hiyo ndiyo inayotuponza zaidi sisi mafundi wa montaji wa Lubumbashi tunapoziandikia ajensi kuomba kazi zinazowazidi. Ukweli ni kwamba, kama mteja huyo ulimfikia kupitia ajensi nyingine, kumtaja ni kutoa siri yao. Anayesoma barua anaona kwamba kesho na mteja wake utamtaja vivyo hivyo.

Hili lilinifika mwenyewe. Ajensi moja ya Nairobi ilinijibu kwa swali moja tu: "Mteja huyu ni wako au wa ajensi?" Sikuwa na la kusema, na mazungumzo yakakoma. Siku hizi naweka kiungo kimoja chenye video mbili: ya mama anayekaanga mikate katika komini ya Kenya hapa Lubumbashi, niliyoipiga mwenyewe, na nyingine niliyoruhusiwa kwa maandishi kuionyesha.

Wengine huamini kwamba kazi ikishabandikwa nembo ya ajensi, siri imetunzwa. Bado. Ukituma kiungo kutoka Google Drive yako, mteja anaweza kuliona jina la mwenye faili. Kwa hiyo pakia kwenye folda ya ajensi, na jina la faili lifuate mtindo wao.

Kuna pia ushauri wa kuficha kwamba uko Lubumbashi, eti wataogopa koneksio. Mimi naona ni afadhali kusema uko wapi, kisha ueleze unavyofanya. Chukua picha za GB 40 zilizorekodiwa kwa Mbps 100. Kwa koneksio ya Mbps 10 kuzipakua ni karibu saa 9, kuran isipokatika. Ajensi ikitengeneza nakala nyepesi za Mbps 5, zile proksi, zinabaki GB 2 na zinafika kwa nusu saa hivi. Unafanya montaji juu ya hizo, unarudisha faili ya mradi wa Premiere Pro, `.prproj`, yenye MB chache, wao wanaiunganisha na picha asilia na kutoa video ya mwisho. Sharti majina ya faili na taimukodi zisibadilike. La sivyo watafungua na kukuta `Media Offline`. Na usiahidi kusahihisha rangi kwa njia hii, kwa sababu nakala nyepesi hazionyeshi rangi kamili.

Barua yangu sasa ni fupi:

"Habari zenu. Mimi ni fundi wa montaji, niko Lubumbashi. Kazi zikiwazidi, napokea proksi na kurudisha `.prproj` ndani ya saa 48 tangu faili zote zifike, pamoja na marekebisho mara mbili. Juma lijalo nina nafasi ya video tatu za sekunde 60. Siwasiliani na mteja wenu, na sionyeshi kazi yenu popote bila ruhusa yenu ya maandishi. Faktura naiandikia ajensi peke yake."